Mwaliko mmoja, lugha mbili, na saa niliyoisahau

Mlinzi alikuwa ameshaanza kurudisha viti stoo pale mama wa nyumba Na. 22 alipoingia getini. Alikuwa amevaa vizuri, mkononi ana daftari. Nyuma yake alifuata mzee wa nyumba Na. 3, kisha vijana wawili waliopanga juu ya Na. 11. Saa yangu ilionyesha saa kumi kasoro dakika tano.

Wote walikuwa wamewahi. Ila kikao chenyewe kilikuwa kimekwisha.

Tulikuwa tumekubaliana kila nyumba itoe shilingi 60,000 za kifusi na greda, kabla mvua za vuli hazijatukuta tena na yale mashimo ya kona ya chini. Mikono ilikuwa imeinuliwa, mimi katibu nikahesabu na kuandika. Sasa wamesimama mbele yangu watu wanne, kila mmoja na simu yake, wananionyesha ujumbe nilioutuma mwenyewe. Juu, kwa Kiswahili, saa 9 alasiri. Chini, kwa Kiingereza, `4:00 p.m.`

Mama wa Na. 22 ni Mzambia, na Kiswahili chake ni cha dukani na bodaboda. Hakupandisha sauti. Aliniambia polepole, akichanganya lugha, kwamba ile nusu ya chini ilionekana kama imeandikwa kwa ajili yao, halafu hakuna aliyekumbuka kuirudia.

Maneno hayo nimetembea nayo wiki sita.

## Yaliyotokea Alhamisi ile

Mwaliko wa kwanza niliuandika Jumatatu, na ulikuwa sahihi kabisa. Saa 10 alasiri juu, saa kumi hiyo hiyo chini kwa hesabu ya Kizungu. Alhamisi jioni mwenyekiti akanipigia: kuna msiba mtaa wa pili, watu watataka kuwahi, tusogeze kikao saa moja nyuma. Nilikuwa jikoni. Nikaufungua ujumbe, nikabadilisha 10 kuwa 9, nikautuma upya kwenye kundi na kuandika juu yake "muda umebadilika". Nikarudi kwenye sufuria.

Siku zile za mwanzo nilijiambia kwamba lilikuwa kosa la haraka tu, na dawa yake ni umakini. Lakini nilipopanda juu kwenye kundi na kusoma mialiko yangu ya mwaka mzima, niliona haikuwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja namba ya nyumba ilibadilika juu, chini ikabaki ile ya zamani. Mwezi mwingine ajenda ya taa za mtaani ilikuwamo kwenye Kiswahili, kwenye Kiingereza haikuwamo. Mara zote kasoro ilikuwa chini, kamwe si juu.

Hapo nikaelewa kwamba mtaa wetu haukuwa na mwaliko wa lugha mbili. Ulikuwa na mialiko miwili iliyobandikwa kwenye karatasi moja, na kila kitu kilichoandikwa mara mbili kilikuwa kinasubiri siku ya kutofautiana.

Kabla ya hapo nilidhani tatizo la kurudiarudia ni urefu. Urefu ni kero kweli. Lakini kubwa zaidi ni kwamba tarehe ikiandikwa sehemu mbili, tayari una tarehe mbili, hata kama leo zinafanana.

## Je, Kiingereza kinahitajika kweli?

Nilipomweleza mwenyekiti, jibu lake lilikuwa fupi.

"Mwanangu, waondolee. Wamekuja wenyewe Mbweni, watajifunza."

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu nusu yangu ilikuwa upande wake. Napenda kikao chetu kinavyoendeshwa kwa Kiswahili. Napenda kwamba bibi wa Na. 6, ambaye hakusoma sana, anazungumza pale kwa ufasaha unaotunyamazisha sote, na nisingetaka lugha ya kikao ihame kumfuata mtu anayekaa miaka miwili na kuondoka. Niliwaza pia kwamba ningekuwa mgeni Lusaka, ningetarajia kuhangaika kidogo.

Kilichonigeuza ni zile shilingi 60,000. Hatukuwa tunawaalika watu kunywa chai. Tulikuwa tunaamua juu ya fedha zao, na nyumba ambayo haikufika ilikuwa inadaiwa sawa na iliyofika. Nikamwambia mwenyekiti hivyo. Alikaa kimya kidogo, akasema basi kikao kirudiwe Julai, na safari hii mwaliko niutengeneze vizuri.

Kwa hiyo swali langu likawa dogo na gumu zaidi: nyumba 31, wazee watano wenye simu za vitochi, familia nane ambazo Kiswahili chao hakitoshi kusomea barua, na wengine wote wanaosoma lugha zote mbili bila shida. Ujumbe mmoja. Usomeke kabla mtu hajachoka.

## Nani hasa anateseka

Nilitegemea kuwa wanaoumizwa na mwaliko mrefu ni wageni, maana sehemu yao iko chini. Ni kweli WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka "Soma zaidi", na kwenye mialiko yangu ya zamani Kiingereza chote kilikuwa nyuma ya mkato huo. Mgeni alikuwa akiona kurasa za Kiswahili, anadhani hazimhusu, anapita.

Lakini nilipozungumza na majirani mmoja mmoja, waliolalamika zaidi walikuwa wale wanaojua lugha zote mbili. Dada wa Na. 17 aliniambia kwamba akimaliza Kiswahili hawezi kuacha kusoma Kiingereza, kwa sababu hajui kama kuna jambo limeongezwa kule. Anasoma mara mbili akitafuta tofauti. Asipoipata, amepoteza muda. Akiipata, hajui aamini ipi. Jirani mwingine, kijana, husoma nusu moja tu, yoyote ambayo macho yameangukia, na kuhesabu amemaliza.

Nikahesabu mwaliko wa kikao kilichoharibika. Maneno 231.

Nikaanza kukata.

## Jaribio la mkwaju

La kwanza lilikuwa lile ambalo ofisi nyingi hulifanya: kila mstari lugha mbili, mkwaju katikati.

```
Tarehe / Date: 12/07
Muda / Time: 9:00 alasiri / 3:00 p.m.
Mahali / Venue: Nyumba Na. 14 / House No. 14
Ajenda / Agenda: Mchango wa barabara / Road contribution
```

Lilikuwa fupi, lakini lilisomeka kama fomu ya kujaza. Na makosa yalikuwamo bado. Tarehe `12/07` mzee wa Na. 3, aliyeishi Marekani miaka mingi, angeisoma kuwa tarehe 7 Desemba, kwa kuwa kule mwezi hutangulia. Maneno "Tarehe" na "Mahali" hayakuwa na kazi: nani ataona "12 Julai" akauliza hii ni nini? Nikiyafuta, tafsiri zake zinaondoka pamoja nayo.

Huo ukawa mlango. Badala ya kuuliza nitafsirije kila kitu kwa ufupi, nikaanza kuuliza ni kipi hakihitaji lugha.

Jina la mwezi halihitaji. Julai, Agosti, Machi, Novemba, mgeni yeyote wa Kiingereza huyatambua kwa macho. Kwa hiyo mwezi kwa herufi, mara moja. Namba ya nyumba haihitaji. Kiasi cha fedha hakihitaji. Jina la mtu, namba ya simu, ramani ya kubonyeza, vyote ni vya wote. Salamu nayo, kwa mshangao wangu, haihitaji, lakini hilo nitalirudia.

Siku ya juma inahitaji. Mzee wa Na. 3 aliwahi kukosa zoezi la usafi kwa sababu alijifunza kuhesabu kabla hajajifunza siku. Aliona Jumatano, akasikia tano, akahesabu siku ya tano kuanzia Jumatatu na kutokea Ijumaa akiwa na fagio. Sisi tunajua kwamba mosi yetu inaanzia Jumamosi. Yeye angejuaje? Basi siku iandikwe kwa lugha zote mbili, lakini bega kwa bega, kwenye mstari mmoja na tarehe.

## Saa

Saa ndiyo peke yake ambayo hata namba zenyewe zinatofautiana. Tisa yetu ni tatu yao. Hapa huwezi kukwepa kuandika mara mbili, na hapa ndipo nilipoangukia.

Nilifikiria kutumia mfumo wa saa 24, nikaandika 15:00 na kumpelekea bibi wa Na. 6. Mjukuu wake akamsomea "saa kumi na tano", bibi akauliza hiyo ni saa ya wapi. Nikaifuta.

Nilifikiria pia ile njia ninayoiona kwenye matangazo mengi, "3:00 alasiri", namba ya Kizungu na neno la Kiswahili. Hiyo ni mbaya kuliko zote, kwa sababu kila msomaji anaona kipande kimoja anachokijua na kukiamini. Mswahili anasoma saa tatu, anashangaa alasiri imefuata nini, anaamua mwandishi alimaanisha asubuhi.

Nilichobaki nacho ni hiki: kila saa ikae na neno la wakati wake katika lugha yake, na zote mbili zikae kwenye mstari mmoja bila kitu kingine chochote.

```
Saa 9 alasiri / 3:00 p.m.
```

Faida yake si ufupi tu. Ukibadilisha namba moja, nyingine inakutazama. Huwezi kuhariri kushoto bila kuona kulia. Na kuna njia ya kujihakiki ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza: toa namba ndogo kwenye kubwa, ukipata 6 uko salama, ukipata nyingine yoyote umekosea. Ujumbe wangu wa Alhamisi ulikuwa na 9 na 4. Tofauti 5. Kosa lilikuwa linaonekana kwa hesabu ya vidole, ila namba hizo zilikuwa zimetenganishwa na mistari kumi na saba.

Mikutano ya usiku ina mtego wake, na kwa watu wa mwambao hasa. Kwa wazee waliokulia Unguja na Pemba, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Kiingereza kikisema `Friday night`, kinasema usiku tofauti kabisa. Sisi tulikwepa kwa kukutana alasiri. Ikilazimu kukutana usiku, mimi naandika tarehe kwanza na siku baadaye.

## "Umetutumia bango"

Nikapata kitu cha mistari mitano. Kilikuwa safi. Nikampelekea mwenyekiti kwa fahari.

"Shikamoo mzee. Naomba utazame hii kabla sijaituma."

"Marahaba, mwanangu." Ukimya. Halafu: "Umetutumia bango. Mwaliko uko wapi?"

Alikuwa sahihi, na nilijua mara moja. Nilikuwa nimeitoa salamu kwa sababu kwenye mwaliko wa zamani salamu ilikula mistari minne: ya Kiswahili ilianza na kuwapa pole majirani kwa mvua na vumbi, kisha ikaja tafsiri yake, ambayo kwa Kiingereza ilisikika kama hotuba ya kufungua kiwanda. Kumwita mtu mzima kikaoni bila kumsalimu, kwetu, ni kumwagiza. Lakini mama wa Na. 22 hakuwahi kuikosa salamu kwenye nusu yake. Kwake, kwenda moja kwa moja kwenye jambo ndiyo adabu ya ujumbe wa simu.

Hapo nikaona nilikuwa nimebeba dhana ambayo hakuna aliyenipa: kwamba nusu mbili lazima zilingane. Mstari kwa mstari, kama mizani ya dukani. Hazilazimiki. Kinacholazimika kulingana ni kile ambacho mtu anaweza kuja kusema "sikuambiwa". Siku, saa, mahali, kiasi, jambo linaloamuliwa, na litakalompata asiyefika. Vingine vyote vimfuate msomaji wake.

Salamu nikairudisha kwa maneno mawili: "Majirani, hamjambo." Sikuitafsiri. Hakuna aliyekaa Dar wiki mbili asiyeijua, na wageni wenyewe waliniambia wanapenda kuipokea hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo ajenda nikaipunguza. Kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, mengineyo, kufunga: hayo yapo kila mwezi, na hakuna mtu aliyewahi kuamua kuja kwa sababu ya mengineyo. Yabaki kwenye karatasi ya mwenyekiti. Mwaliko ubebe lile moja la kuamua. Nilikuwa nikitumia maneno thelathini kwa Kiswahili na thelathini na mengine kwa Kiingereza kutaja mambo ambayo yangefanyika hata kama nisingeyataja.

## Mchango

Neno lililonichukua siku nyingi kuliko yote ni "mchango".

Kwa miaka nilikuwa nikilitafsiri `contribution`, kwa sababu kamusi inasema hivyo na kila ofisi inaandika hivyo. Kabla ya kutuma mwaliko wa Julai nilimwomba mama wa Na. 22 asome nusu ya Kiingereza tu, Kiswahili nimekifunika, kisha anieleze kwa maneno yake tunamtaka afanye nini. Akasema: tunaweza kutoa 60,000 tukipenda.

Tukipenda!

Kumbe mwaka mzima familia kadhaa zilikuwa zikihesabu mchango wa barabara kama sadaka, na sisi tukiwahesabu kama wadaiwa sugu. Mswahili akisikia mchango wa kamati, iwe ya harusi, ya msiba au ya barabara, anajua kuna daftari, kuna jina lake kwenye daftari, na kuna mtu atakayempigia. Kiingereza hakibebi daftari hilo. Nikabadilisha ikawa `levy`, na kwenye Kiswahili nikaacha neno mchango kabisa na kutumia kitenzi: kila nyumba itoe. Kiasi kikafuata, na tarehe ya mwisho. Namba na tarehe zikikaa karibu na kitenzi, nafasi ya kubahatisha hubaki ndogo.

Upande wa pili nao una mitego. "Tunaomba mfike bila kukosa" ni adabu ya kawaida kwetu, na hakuna anayetishika. Ikivushwa neno kwa neno kuwa `without fail`, inasikika kama wito wa mahakama. Nilikuwa nikiivusha hivyo kila mwezi. Safari hii niliiondoa pande zote mbili, kwa sababu sentensi inayosema uamuzi utazihusu hata nyumba zisizofika inafanya kazi hiyo vizuri zaidi na haimkaripii mtu.

Na "wakazi" nayo. Kwetu ni kila anayelala hapo, mpangaji na mwenye nyumba. Wale vijana wa Na. 11 waliniuliza kama wao wanahusika au nimwite baba mwenye nyumba wao. Nikaona ni salama zaidi kuzungumzia nyumba kuliko watu. Nyumba ina namba, namba haina tafsiri.

## Ahadi ambayo sikujua nimeitoa

Jaribio la kufunika nusu moja lilinionyesha jambo la mwisho, na hili liliniuma kuliko saa.

Mama wa Na. 22 alipomaliza kueleza, aliuliza: "Na kikao chenyewe kitakuwa kwa lugha gani?"

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiwaandikia watu kwa Kiingereza, wanakuja, wanakaa kwenye viti vya plastiki saa nzima wakisikiliza Kiswahili. Mwaliko wangu ulikuwa unaahidi kitu ambacho kikao hakikutoa. Baadhi waliacha kuja, nasi tukasema hawajali. Sasa nafahamu kwamba ukiandika mwaliko kwa lugha mbili na kikao kina lugha moja, lazima useme. Na lazima useme utafanya nini kuhusu hilo.

Nikamwomba kaka wa Na. 9, ambaye ni mwalimu na ana subira, akae na wale wanaohitaji na kuwatafsiria kwa sauti ya chini. Akakubali. Sentensi hiyo ikaingia kwenye nusu ya Kiingereza peke yake. Wanaosoma Kiswahili haiwahusu.

## Nilioutuma

```
*KIKAO CHA BARABARA / ROAD MEETING*
Majirani, hamjambo.
Jumamosi / Saturday 12 Julai
Saa 9 alasiri / 3:00 p.m.
Nyumba Na. 14

*Tutaamua:* kila nyumba itoe 60,000/= za kifusi na greda, mwisho 31 Julai. Uamuzi utazihusu nyumba zote, hata zisizofika. Mwenye udhuru amtume mtu au anipigie.

*To be decided:* a levy of TSh 60,000 per house for road repairs, due 31 July. The vote binds every house, present or not. If you can't come, send someone or call me. The meeting is in Swahili; House 9 will interpret.
```

Maneno 85, namba zikihesabiwa. Kwenye simu yangu unaonekana wote bila kukatwa. Vile vinyota vinafanya herufi ziwe nene, ili jicho lijue nusu yake inaanzia wapi na anayesoma lugha zote mbili ajue aruke ipi. Dada wa Na. 17 aliniambia alisoma Kiswahili akaacha. Nilipomuuliza kwa nini hakusoma chini, alisema aliona 60,000 na 31 pande zote mbili, akatosheka.

Utaona kiasi na tarehe ya mwisho vimeandikwa mara mbili. Nilijaribu kuvipandisha juu na vile vya pamoja, lakini 60,000 ikikaa peke yake bila kitenzi haielezi kama ni bei, deni au zawadi. Nikakubali kurudia hapo, nikijua ni sehemu mbili za kukagua. Najua pia kwamba umbo hili linabeba jambo moja la kuamua, labda mawili. Mkutano mkuu wa mwaka, wenye taarifa ya mapato na uchaguzi wa viongozi, hautoshi humu. Huo nitauandikia karatasi mbili kamili, kila lugha na yake, na juu yake ujumbe mfupi wa siku, saa na mahali tu.

Wazee watano wenye vitochi sikuwatumia huu. Ninamjua kila mmoja na lugha yake, kwa nini nimbebeshe mbili? Lugha mbili ni za mahali pa wote, kundini na kwenye karatasi ya getini. Wao walipata meseji ya Kiswahili peke yake:

```
Shikamoo. Kikao cha barabara ni Jumamosi 12 Julai saa 9 alasiri, Nyumba Na. 14. Tutaamua mchango wa 60,000 kwa nyumba. Mwenye udhuru amtume mtu.
```

Herufi 144 pamoja na nafasi, na meseji moja inabeba 160. Neno mchango nimeliacha humo kwa sababu wazee hawa ndio walionifundisha maana yake. Ila kuwa makini na kitu kimoja: kompyuta hupenda kugeuza ile ritifaa ya ng' kuwa ya kupinda. Mara moja niliandika "kung'oa bomba" kwenye kompyuta nikanakili kwenye simu, na ritifaa ile iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Ikiingia moja tu, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na meseji yangu moja ikahesabiwa tatu. Niliifuta, nikaandika ya kwenye simu, meseji ikarudi moja.

## Alhamisi nyingine

Alhamisi ya wiki ya kikao, saa mbili usiku, mwenyekiti akapiga simu. Fundi wa greda anataka kuja mwenyewe kueleza gharama, na hawezi kufika kabla ya saa kumi. Tusogeze mbele.

Safari hii nilizima jiko kwanza.

Nikaufungua ujumbe. Mstari mmoja: 9 ikawa 10, na 3:00 pembeni yake ikawa 4:00. Kumi toa nne, sita. Kisha nikachukua daftari, kwa sababu nilikuwa nimeandika humo sehemu tatu ambako saa imekaa: kundini, getini, na kwa wazee watano. Nikatuma kundini, nikatuma meseji tano, nikachukua kalamu ya wino mzito na tochi, nikashuka hadi getini kurekebisha karatasi.

Jumamosi mama wa Na. 22 alikuja na daftari lake, akakaa karibu na kaka wa Na. 9. Kikao kilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na kaka wa Na. 9 alimaliza sauti imekauka, akaomba safari ijayo wawe wawili wa kupokezana. Fundi alipotaja malori manne ya kifusi, mama akainua mkono na kuuliza kama kalvati la kona ya chini limo kwenye hesabu, maana bila hilo maji yatakibeba kifusi chote.

Halikuwamo.

Mwenyekiti alinigeukia akasema, "Andika hilo." Nikaandika.